Kutoka siku tano hadi tatu: Namba moja inayotosha kumjibu mwajiri

KATOR, JUBA

Ujumbe uliingia kwenye simu jioni ya Ijumaa, wenye vibanda wa soko la Konyo Konyo wakiwa wanafunga. Ulitoka kwa afisa ajira wa kampuni ya usafirishaji yenye makao Mombasa, naye hakupoteza maneno: “Habari za jioni dada. Namba yako nimepewa na wakala mmoja wa Nimule. Tuna nafasi ya mratibu wa mizigo, Juba. Unaweza kuanza lini, na umewahi kushughulikia mizigo ya kuvuka mpaka? Nijibu kwa ufupi kabla ya Jumatatu.”

Aliyeupokea ni karani wa miaka 27 katika ghala moja hapa Kator. Hakutaka jina lake liandikwe kwa kuwa bado yuko kazini. Alikulia kambi ya Kakuma, Kenya, alikojifunza Kiswahili, na baada ya kurudi nyumbani akaajiriwa kutunza nyaraka za mfanyabiashara anayeleta unga wa mahindi, mchele na mafuta ya kula kutoka Uganda. Tajiri wake alikuwa na malori matatu. Amekwisha kuwaambia wafanyakazi kwamba mwaka ukiisha atabaki na moja, na lori moja halihitaji karani. Wadogo zake wawili wanasoma kwa mshahara huo.

Kwa hiyo ile mistari michache ilikuwa na uzito, na jibu lake la kwanza linaonyesha jinsi uzito unavyoweza kumharibia mtu maneno. Aliandika: “Mimi ni mchapakazi hodari na mwaminifu, mwenye uzoefu mkubwa wa mambo yote ya mpakani. Nimeleta mabadiliko makubwa na kuongeza ufanisi kwa asilimia 40. Hakuna mzigo unaonishinda.”

Kabla ya kulituma alimsomea mzee mmoja mwenye ghala la jirani, Mkenya aliyefanya kazi ya usafirishaji kwa zaidi ya miaka ishirini na kuajiri makarani na madereva wengi. “Binti yangu,” mzee alimwambia, “hapa sijaona kazi uliyoifanya. Nimeona mtu anajitangaza.”

Karani aliona haya, akafuta yote na kuandika jibu la pili: “Nimewahi kusaidia kidogo mambo ya mizigo. Niko tayari kujifunza.” Mzee alilikataa hilo pia, tena kwa ukali zaidi. Kusaidia kidogo! Miaka minne ya kukesha na makaratasi imeitwa kusaidia kidogo.

Makosa hayo mawili yanatoka mahali pamoja. Watu wengi wa pwani na bara wamelelewa na msemo kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na mfanyabiashara anayesifia nyanya zake kupita kiasi ndiye mteja anayemkwepa. Hivyo mtu akilazimika kujieleza huona ana njia mbili tu, ama apige kelele kama mnadi, ama ajidogoshe. Lakini hata sokoni ipo njia ya tatu. Muuza mchele anayeaminika huchota kiganja kimoja akakuonyesha, kisha ananyamaza. Katika jibu fupi kwa mwajiri, kiganja hicho ni jambo moja lililofanyika na linaloweza kupimwa.

Jibu lililotumwa hatimaye, Jumamosi asubuhi, lilikuwa na maneno kama 80:

“Habari za asubuhi. Asante kwa kunitafuta. Naweza kuanza tarehe 1 ya mwezi ujao, baada ya kumpa mwajiri wangu notisi. Ndiyo, kwa miaka minne nimeshughulikia nyaraka za mizigo ya chakula kutoka Elegu hadi Juba. Mwaka huu nilianza kumtumia wakala wetu wa Nimule nakala za nyaraka siku moja kabla lori halijafika, na wastani wa kukaa mpakani ukashuka kutoka siku 5 hadi 3 katika mizigo 14. Wakala na madereva walichangia sana. Je, nafasi hii ni ya mizigo ya chakula pekee au na makontena ya kutoka Mombasa?”

Tazama kwanza mpangilio wake. Afisa aliuliza mambo mawili, lini na kama ana uzoefu, na yote mawili yamejibiwa kabla ya namba yoyote kutajwa. Hili ni jambo dogo ambalo wengi hulipuuza. Anayefungua jibu kwa mafanikio yake, hata yakiwa ya kweli, anamwacha msomaji akitafuta kile alichokiuliza, na mtu anayetafuta kitu kwenye simu huku ana majibu mengine thelathini ya kusoma hukasirika upesi. Namba ileile ikija baada ya “ndiyo”, inasomeka kama ushahidi wa ile ndiyo. Ikija mwanzoni inasomeka kama tangazo.

Kisha tazama ilivyojengwa. Sentensi moja imebeba alichofanya, kilichobadilika, kilikotoka na kilipofika, na ni katika mizigo mingapi. Karani hakujiita hodari. Msomaji akitaka kumwita hivyo ni juu yake.

Asilimia 40 na siku mbili

Ile asilimia 40 ya jibu la kwanza haikuwa uongo. Kutoka siku 5 hadi siku 3 ni pungufu ya siku 2, na 2 kati ya 5 ni asilimia 40. Mzee wa ghala alipoelezwa hivyo alicheka. Kwa nini basi namba moja inaudhi na nyingine haiudhi, ilhali ni kitu kilekile?

Sababu ni kwamba asilimia inaficha mwanzo. Aliyepunguza muda kutoka siku 10 hadi 6 na aliyepunguza kutoka saa 5 hadi 3 wote wana asilimia 40. Msomaji asiyejua mwanzo hushuku kwamba amefichwa kitu, na mara nyingi hushuku kwa haki. “Kutoka siku 5 hadi 3” inaweka mambo wazi. Tena inakiri kwamba siku 3 bado ni nyingi, na mtu anayekubali kuonyesha kwamba kazi haijafikia ukamilifu ni vigumu kumwita mwenye majivuno. Yeyote aliyewahi kungoja Elegu anajua kwamba siku tatu si miujiza. Anajua vilevile kwamba siku mbili zilizookolewa ni posho ya dereva, ni ada ya maegesho, na ni unga ulioingia sokoni kabla bei haijashuka.

Maneno “katika mizigo 14” nayo yana kazi yake. Bila hayo afisa angeweza kudhani ni mzigo mmoja uliobahatika, au mia moja. Kumi na nne si wingi wa kutisha, lakini unatosha kuonyesha kwamba jambo lilijirudia.

Namba hiyo aliipata kwenye daftari lenye safu nne: namba ya lori, siku lilipofika Elegu upande wa Uganda, siku lilipotoka Nimule upande wa Sudan Kusini, na sababu ya kuchelewa. Januari hadi Aprili iliingia mizigo 12, na jumla ya siku ilizokaa mpakani ni 60. Gawanya, ni siku 5 kila mzigo. Mei hadi Agosti iliingia mizigo 14, nayo ilikaa siku 42 kwa jumla. Gawanya, ni siku 3.

Safu ya nne ndiyo iliyomfundisha la kufanya. Alipoisoma mwezi wa Aprili aliona kwamba sehemu kubwa ya ucheleweshaji haikutokana na foleni. Uzito ulioandikwa kwenye ankara haukulingana na ule wa orodha ya mizigo. Jina la mwenye mzigo liliandikwa hivi Kampala na vile Juba. Mara mbili cheti cha uasili, kinachothibitisha bidhaa imetoka ndani ya Jumuiya, kilisahaulika ofisini kwa muuzaji. Kila kosa kama hilo hugunduliwa lori likiwa limekwisha kufika, dereva akiwa ameegesha, na karatasi sahihi ikisubiriwa kutoka Kampala. Basi akaanza kudai picha za nyaraka zote mara tu lori linapopakiwa, anazipitia mwenyewe jioni, kisha anamtumia wakala. Kosa likionekana, linarekebishwa lori likiwa bado njiani.

Lakini hakuishia kwenye kugawanya. Alimpigia wakala na kumuuliza kama malori ya wateja wengine nayo yalianza kutoka haraka baada ya Aprili. Ingekuwa hivyo, basi mpaka wenyewe ndio ungekuwa umeongeza kasi, naye angekuwa anajipa sifa ya forodha. Wakala alimjibu kwamba wateja wengine wenye mizigo ya aina ileile wako palepale, siku nne au tano. Swali hilo moja ndilo linalotofautisha aliyefanya jambo na aliyekuwepo jambo lilipotokea.

Mzigo ulioganda

Kati ya ile mizigo 14 upo mmoja uliokaa siku 10. Ulikuwa unga wa mahindi, na wakaguzi wa ubora walichukua sampuli kupima sumukuvu. Hilo si jambo geni kwa wasomaji wa ukurasa huu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo, na mwaka 2023 malori ya mahindi kutoka Uganda yalikwama upande wa Sudan Kusini. Hakuna karani awezaye kuharakisha maabara kwa kutuma picha mapema.

Ukiuondoa mzigo huo, mizigo 13 iliyobaki ilikaa siku 32, yaani karibu siku mbili na nusu kila mmoja. Kishawishi kilikuwepo. “Kutoka siku 5 hadi 2 na nusu” inavutia zaidi, maana ni nusu kamili. Karani aliandika 3, na hapo alifanya hesabu nzuri kuliko inavyoonekana. Mizigo ya Januari hadi Aprili nayo ilikuwa na ile iliyochelewa kwa bahati mbaya, na yote ilihesabiwa. Kuondoa bahati mbaya upande mmoja na kuiacha upande wa pili ni kama kupunguza uzito wa kikapu kwenye mizani ya mwenzako tu. Afisa wa ajira huenda asigundue Jumamosi. Atagundua siku ya mahojiano, atakapouliza mzigo uliochelewa kuliko yote ulikaa siku ngapi. Swali hilo huulizwa mara nyingi, kwa sababu humwonyesha mwajiri mtu anavyozungumza juu ya kilichomshinda.

Kwa nini si paundi

Mfanyabiashara wa Juba akiambiwa ataje mafanikio yanayopimika, jambo la kwanza linalomjia ni fedha. Mauzo yalipanda kutoka hapa hadi pale. Mahali pengine ni kipimo kizuri. Hapa ni mtego, na anayetoka nje ya Sudan Kusini huenda asilione tatizo.

Desemba 2015 serikali iliacha kuishikilia thamani ya paundi, na bei rasmi ya dola moja ikaruka kutoka karibu paundi 3 hadi zaidi ya 18 kwa mara moja. Chukua mtu aliyekuwa akiuza magunia 100 kwa mwezi kabla ya hapo, na baadaye akauza 50 tu kwa bei iliyopanda mara 6. Kwenye daftari la paundi mauzo yake yamepanda mara 3. Ghalani biashara yake imepungua nusu. Akimwandikia mwajiri kwamba aliongeza mauzo mara 3, hajadanganya hata tarakimu moja, na amesema jambo lisilo na maana yoyote. Mwajiri anayelijua soko la Juba atatabasamu na kulipita jibu hilo.

Siku, magunia, safari na makreti hazishuki thamani. Anayeona lazima ataje fedha, heri ataje dola, na aseme wazi ni dola. Hata hivyo lipo tatizo la pili la fedha, nalo ni kwamba si zake. Mauzo ya ghala ni siri ya tajiri. Bei anayonunulia Kampala ni siri kubwa zaidi. Karani anayemtumia mgeni takwimu hizo kwenye simu ili apate kazi anamwonyesha mgeni huyo jinsi atakavyozitendea siri zake mwenyewe baadaye. Siku za kukaa mpakani hazina siri ndani yake. Kila dereva anazijua.

Mzee wa ghala ana maoni makali juu ya hili. “Mtu akinitajia faida ya bosi wake kabla hajaketi,” anasema, “mimi namshukuru, namnywesha chai, na simwajiri.”

Kinachobebwa na kitenzi

Kiswahili kina njia yake ya kumtoa msemaji mbele bila kumficha, na inafaa kuitazama kwa makini kwa sababu ndiyo iliyookoa sentensi ya karani. Hakuandika “nilipunguza muda.” Aliandika “nilianza kumtumia wakala nakala” na kisha “wastani ukashuka.” Tendo ni lake, na amelikiri kwa ni- yake. Matokeo yana mwenyewe, wastani, ambao umeshuka. Ile -ka- katikati inaonyesha kwamba la pili lilifuata la kwanza, bila kudai kwamba yeye peke yake alilisukuma.

Linganisha na “nilipunguza muda wa mpakani kwa siku mbili.” Mtu wa Nimule akilisoma hilo atauliza: wewe ni nani, mkuu wa forodha? Linganisha vilevile na “muda wa mpakani ulipungua.” Hilo ni la adabu mno, na halimwambii mwajiri chochote. Ulipungua wenyewe? Mvua ilikatika? Watu wapole huanguka kwenye shimo hili la pili, na hulianguka kwa wingi. Wanaeleza mazuri yote yaliyotokea mahali walipokuwa kana kwamba walikuwa wanapita tu.

Kuhusu “tuli-”, mambo ni yaleyale. “Tulipunguza” ni neno la heshima, na kwa wengi wetu ndilo la kawaida, kwa kuwa kazi haifanywi na mtu mmoja. Lakini mwajiri hawezi kuajiri “sisi.” Karani aliwapa wakala na madereva sentensi yao wenyewe, fupi, baada ya kueleza tendo lake. Ina faida nyingine ambayo huenda hakuifikiria: mwajiri akimpigia wakala kuuliza, na kumbuka wakala ndiye aliyetoa namba, atamkuta mtu aliyetajwa kwa wema na mwenye habari ileile.

Neno “sana” katika “walichangia sana” ndilo pekee la kutia chumvi katika jibu zima, na limeenda kwa watu wengine.

Wasio na daftari

Wafanyabiashara wengi wa mpakani hawaandiki safu nne. Mama anayevusha nyanya na vitunguu anajua kazi yake kwa kichwa, na akiulizwa na shirika linalotafuta msimamizi wa ununuzi atasema tu kwamba ana uzoefu. Hata hivyo kumbukumbu zipo mahali pasipotazamwa. Madereva hutuma picha za lori kwenye WhatsApp wanapofika na wanapoondoka, na kila picha ina tarehe yake. Risiti za maegesho zina tarehe. Ujumbe wa kutuma fedha kwa wakala una tarehe. Jioni moja ya kukaa na simu inaweza kurudisha miezi mitatu.

Kama hata hizo hazipo, ni bora kutumia kipimo kidogo chenye uhakika kuliko kikubwa cha kukisia. Muuza nyanya mmoja wa Konyo Konyo anaeleza kwamba zamani, kwenye kila shehena ya makreti 60, alikuwa akitupa 8 au 9. Aliacha kupakia nyanya zilizoiva kabisa, akawa anachukua zinazoanza tu kugeuka rangi, na sasa hatupi zaidi ya 3. Hajaandika popote, ila anahesabu makreti kila anaposhusha, na “8 au 9” yake ni ya kuaminika kuliko “asilimia 15” ya mtu mwingine kwa sababu inasikika kama ilivyohesabiwa. Akijibu ujumbe atumie maneno hayohayo. Kuugeuza ukadiriaji kuwa namba yenye desimali ndiko kunakoharibu. Njia ya Nimule hadi Juba ni kilomita 192 za lami tangu mwaka 2012, na kila anayeipita anajua nyanya hazioziani kwa desimali.

Upande wa pili wa simu

Wasomaji wengi wa gazeti hili huajiri pia, hata kama hawajiiti waajiri. Anayetafuta wakala wa kumpokelea mzigo Nimule, au kijana wa kukaa na bidhaa Kator huku yeye yuko Gulu, hupokea majibu kama haya kila mara. Kwake yeye, namba iliyomo kwenye jibu ni mlango wa kuanzia kuuliza, si cheti. Maswali matatu yanatosha kujua kama imesimama. Ulihesabuje? Kipi kilikwenda vibaya? Nani mwingine alikuwepo? Aliyefanya kazi yenyewe hujibu haraka na kwa vitu vidogovidogo, majina ya karatasi, siku ya wiki, rangi ya lori. Aliyeikopa namba hurudi kwenye sifa.

Awe mwangalifu pia asimtupe mtu aliyejibu kwa unyenyekevu wa “nimesaidia kidogo.” Katika eneo hili jibu hilo mara nyingi linatoka kwa mtu aliyefanya mengi. Swali moja la nyongeza, “ulisaidia kufanya nini, na ilikuwa mizigo mingapi?”, limewahi kumpa mzee wa ghala karani aliyekaa naye miaka sita.

Afisa wa Mombasa alijibu Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi. Hakusifu wala kushukuru sana. Aliandika kwamba nafasi ni ya chakula na makontena pia, kwamba mahojiano yatakuwa Alhamisi kwa simu, na akaongeza mstari mmoja: “Uwe na daftari hilo karibu. Nataka kujua kuhusu huo mzigo uliochelewa kuliko yote.”

Karani ameshauwekea alama ukurasa wa unga ule, na amemwomba wakala tarehe ambayo sampuli ilipelekwa maabara.